Sentensi Tata katika Matini ya Kigeni: Mfasiri Akisie au Amwulize Mwandishi?

Mfasiri anapokutana na sentensi asiyoielewa katika matini ya kigeni, huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukisia maana inayoelekea kufaa na kuiandika kwa lugha sanifu kiasi kwamba msomaji hatatambua kuwa palikuwa na shida. Ya pili ni kumwuliza mwandishi, ikiwa yu hai. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba njia ya pili ndiyo inayostahiki kufuatwa, ila ina masharti yake. Na kwamba jibu la mwandishi, hata likipatikana, halimalizi kazi ya mfasiri.

Tuanze na mfano mashuhuri. Rainer Maria Rilke alichapisha tenzi zake za maombolezo za Duino mwaka 1923. Mshairi wa Kipolandi, Witold Hulewicz, alipokuwa akizishughulikia kwa lugha yake, aliandika orodha ya maswali akampelekea Rilke, aliyekuwa akiishi Muzot nchini Uswisi. Rilke alimjibu kwa urefu mwezi wa Novemba 1925, mwaka mmoja hivi kabla ya kufa kwake. Miongoni mwa mambo aliyoyafafanua ni lile la malaika anayetajwa mara kwa mara katika tenzi hizo. Alisema kwamba malaika huyo hahusiani na malaika wa mbingu ya Kikristo. Kwamba yuko karibu zaidi na malaika wa Uislamu. Na kwamba ni kiumbe ambaye ndani yake kazi ya kugeuza kinachoonekana kuwa kisichoonekana imekwisha kutimia.

Mfano huu una funzo ambalo ni rahisi kulipuuza. Neno la Kijerumani lenye maana ya malaika si gumu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Kamusi haingemsaidia Hulewicz kwa kuwa kamusi ingemwambia kile alichokwisha kujua. Utata haukuwa katika neno bali katika uhusiano wa neno na imani ambayo msomaji angeliletea. Mfasiri anayeandikia hadhira ya Kikatoliki, kama ilivyokuwa Polandi, angekisia kwa mujibu wa imani ya hadhira hiyo, na kisio lake lingeonekana sahihi kwa kila mtu. Hapo ndipo ilipo hatari ya kukisia: kisio baya hutambulika upesi, lakini kisio linalolingana na mazoea ya wasomaji hukaa kitabuni miaka na miaka bila kushukiwa.

Hata hivyo si kila sentensi isiyoeleweka inayostahili kupelekwa kwa mwandishi. Kabla ya kuuliza, mfasiri hana budi kuchunguza chanzo cha utata. Huenda ni uchache wa maarifa yake mwenyewe, na hapo kamusi na wazawa wa lugha ile watamtosha. Huenda ni kosa la chapa, na hapo atalinganisha matoleo mawili. Huenda ni mtelezo wa mwandishi, kama vile mhusika aliyekufa katika sura ya tatu kuonekana sokoni katika sura ya tano. Na huenda ni utata wa makusudi. Vyanzo viwili vya mwisho ndivyo vinavyomhitaji mwandishi, kwa sababu kwa mtu aliye nje vinafanana kabisa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kiingereza hutumia neno moja, lile ambalo vijana wetu hulitamka anko, kwa kaka wa mama na kwa kaka wa baba pia. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague baina ya mjomba na amu, au baba mkubwa na baba mdogo. Tuseme riwaya ya Kiingereza inamwonyesha anko akimrithisha kijana nyumba. Mfasiri makini atatafuta kwanza ushahidi ndani ya matini: je, jina la ukoo la mzee huyo ni sawa na la kijana na babaye? Likiwa sawa, uwezekano ni kwamba ni wa upande wa baba. Asipopata ushahidi ndipo aulize. Akiandika mjomba kwa kubahatisha, atakuwa amempa msomaji wa Kiswahili habari ya nasaba na urithi ambayo matini chanzi haikuitoa.

Upande wa pili ni mfasiri mgeni anayesoma riwaya yetu. Sentensi kama “Alimwambia kwamba baba yake amekwisha fika” haisemi msemaji ni mume au mke, wala msikilizaji, wala baba huyo ni wa nani. Mara nyingi muktadha hutegua kitendawili. Lakini mwandishi anaweza kuitumia tabia hii ya Kiswahili kuficha jinsia ya mhusika hadi sura ya mwisho. Mfasiri wa Kiingereza anayekisia katika ukurasa wa kwanza huifichua siri hiyo, au huisema kinyume, na riwaya nzima ikaharibika kwa kiwakilishi kimoja.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Swali la “Ulikuwa na maana gani hapa?” humchosha mwandishi na aghalabu huzaa jibu lenye utata kuliko sentensi yenyewe. Inafaa mfasiri amalize rasimu nzima kwanza, kwani maswali mengi ya sura za mwanzo hujibiwa na sura za baadaye. Kisha ataje toleo, ukurasa na mstari, anukuu sentensi kamili, aeleze maana mbili anazoziona na kila moja itazaa nini katika Kiswahili, halafu aulize ni ipi iliyokusudiwa, au kama zote mbili zimekusudiwa. Günter Grass aliifanya kazi hii kuwa ya pamoja: tangu 1978, riwaya yake ya samaki bapa ilipokuwa ikifasiriwa, alikutana na wafasiri wake wa lugha mbalimbali wakaipitia matini pamoja naye.

Mhakiki anaweza kupinga hapa. Wimsatt na Beardsley walidai mwaka 1946 kwamba dhamira ya mwandishi si kipimo cha maana ya shairi. Na walihitimisha kwa kusema kwamba kumwandikia Eliot kumwuliza juu ya nguva wa shairi lake la Prufrock si uhakiki. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inamhusu mhakiki, ambaye anaruhusiwa kuziacha maana mbili zisimame bega kwa bega. Mfasiri hana ruhusa hiyo pale ambapo lugha lengwa inamlazimisha kuchagua. Rilke mwenyewe, katika barua ile ile, alitilia shaka kama yeye ndiye anayefaa kuzieleza tenzi zake.

Kwa hiyo jibu la mwandishi ni ushahidi, si hukumu. Akisema utata ni wa makusudi, mfasiri atafute muundo wa Kiswahili unaoubeba, wala asiufafanue. Akikiri mtelezo, asahihishe kwa idhini yake. Akijibu kwamba hakuwahi kufikiria anko ni wa upande gani, hilo nalo ni jibu: matini ni tupu mahali hapo, na mfasiri atachagua neno linaloongeza machache zaidi, huenda “ndugu wa wazazi wake” au “mzee wake”. Na mwandishi akiwa amefariki, mfasiri atumie miswada na barua zilizobaki. Zisipomsaidia, aache utata ulivyo pale lugha inaporuhusu, na pale isiporuhusu aseme katika tanbihi kwamba amechagua. Msomaji anayeambiwa kuwa hapa pana uchaguzi anaweza kuupinga. Yule anayepewa kisio lililovishwa ufasaha hana hata la kupinga.