Kugawa Sauti, Kugawa Hukumu: Ngano ya Kisima katika Mswada wa Filamu ya Katuni, kwa Mazingira ya Same

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kinachotokea pale ngano iliyozoea kutoka katika kinywa kimoja inapoandikwa upya kuwa mswada wa filamu ya katuni wenye mistari ya msimulizi na sauti za wahusika. Ngano inayotumiwa ni ile ya wanyama na kisima, ikihamishiwa kwenye ndiva za wilaya ya Same. Makala yanadai kuwa kugawa sauti hugawa pia hukumu: mhusika mjanja hubaki na utamu wa maneno, na msimulizi hubaki na mahubiri.

1.0 Utangulizi

Ngano ya kisima husimuliwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Katika orodha ya kimataifa ya Aarne, Thompson na Uther, tukio lake la kunasa limeorodheshwa kama aina ya 175. Wakati wa ukame wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa kazi, kisha anakuja kuiba maji. Anawadanganya walinzi kwa kibuyu cha asali: anayeonja hutaka zaidi, na Sungura humwambia kuwa ni lazima afungwe kwanza. Hatimaye Kobe anajipaka ulimbo mgongoni, anajificha majini, na mwizi ananasa.

Mulokozi (1996) anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalowakutanisha fanani, hadhira, mahali na wakati. Mswada wa katuni hauna hadhira mbele yake, na fanani wake amegawanywa kuwa majina yaliyopangwa ukingoni mwa ukurasa. Swali la msingi, basi, ni kazi ipi ya fanani inayopotea katika mgawanyo huo, na kama inaweza kurejeshwa.

2.0 Kutoka Kisimani hadi Ndivani

Nyanda zilizo chini ya Milima ya Pare, upande wa Makanya, hupata mvua haba, na wakulima wake hutegemea vijito vinavyoshuka kutoka milimani. Ndiva ni bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana na kupelekwa mashambani kwa zamu. Kulichimba na kuliondolea tope ni kazi ya pamoja, ambayo Wapare huiita msaragambo.

Mwandishi wa mswada anayeweka ndiva mahali pa kisima habadilishi mandhari tu. Kisimani, Sungura anaiba kinywaji. Ndivani, anaiba zamu ya mtu mwingine, na anaiba usiku, wakati ambapo maji ya kesho ya kijiji kizima yamelala bwawani. Kukwepa kwake kuchimba nako si uvivu mtupu tena, bali ni kukwepa msaragambo, kosa ambalo jamii inalitambua. Haya yote picha inaweza kuyaonyesha bila neno: mferejini maji yanaingia, tutani majembe yamelazwa, nafasi moja katika safu ya wachimbaji iko wazi. Hapa mswada unaizidi simulizi. Tatizo linaanza wahusika wanapofungua vinywa.

3.0 Mabano Yasiyosikika

Fanani anapotongoa ngano hii, kila neno la Sungura hupitia kwake. Hasemi tu "akasema". Husema "akabembeleza", "akajidai", "akajitia kuondoka". Kitenzi hicho kimoja hubeba hukumu. Wakati huohuo kinywa chake ndicho kinachoonja utamu wa hila, na hadhira inacheka pamoja naye. Anayemsifu mwizi na anayemkamata ni mtu mmoja.

Katika mswada, jina la mhusika ukingoni huchukua nafasi ya kitenzi hicho, na hukumu huhamia kwenye mabano ya maelekezo. Lakini mabano husomwa na mwigizaji, mtazamaji hayasikii. Vipande viwili vifuatavyo vimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Cha kwanza kinafuata njia iliyozoeleka:

MSIMULIZI: Usiku ule Sungura alikuja na kibuyu cha asali. Alitaka kumdanganya Fisi ili aibe maji.
SUNGURA (kwa hila): Shikamoo, mjomba. Nina kitu kitamu kuliko maji.
FISI: Marahaba, mpwa wangu. Nipe nionje.
SUNGURA (akicheka): Hakilambwi na aliye huru. Sharti nikufunge.
MSIMULIZI: Fisi alikubali kufungwa. Tamaa ni mbaya.

Mstari wa kwanza wa msimulizi unaeleza kile ambacho picha ya kibuyu ingekidokeza, na kwa hiyo mtazamaji hapewi nafasi ya kubashiri. Mstari wa mwisho unamhukumu mlinzi aliyedanganywa huku mwizi akiachwa. Aidha, Sungura amepata sauti yake mwenyewe, changamfu, isiyopitia kinywa cha anayemjua. Mtoto anayetazama atachagua sauti hiyo dhidi ya sauti ya mtu mzima anayeonya. Funzo linatamkwa waziwazi, na bado linashindwa.

Uzito huu wa msimulizi una sababu ya kiufundi pia. Kwa kawaida mazungumzo hurekodiwa kabla ya kuchora, ili midomo ya wahusika ifuatishwe na sauti. Maneno ya msimulizi asiyeonekana hayahitaji mdomo wowote, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuyatengeneza. Mswada wenye bajeti ndogo huelekea kumpa yeye kila jambo lililo gumu kuchorwa, na matokeo yake anageuka mfafanuzi.

Kipande cha pili kinajaribu kurudisha kinywa kimoja:

PICHA: Usiku. Maji yanaingia ndivani. Fisi ameketi tutani.
MSIMULIZI: Nani yule, na kibuyu usiku huu?
(Kimya.)
MSIMULIZI (sauti ya Sungura): Shikamoo, mjomba.
MSIMULIZI (sauti ya Fisi): Marahaba. Umebeba nini?
MSIMULIZI (sauti ya Sungura): Kitu kitamu kuliko maji. Lakini hakilambwi na aliye huru.
(Kimya. Fisi anautazama mkono wa Sungura, kisha anatoa mikono yake.)
MSIMULIZI: Haya.

Hapa mabano hayabebi hukumu. Yanataja tu sauti ambayo msimulizi anaiiga. Kwa kuwa sikio linamtambua msimulizi ndani ya Sungura, kejeli inasikika bila kuelezwa. Swali la mwanzo na kimya chake vinampa mtazamaji nafasi ya kujibu, kama hadhira inavyomjibu fanani. Neno "Haya" linaweza kuwa ruhusa, mshangao au onyo, na uamuzi unabaki kwa anayesikiliza.

Mbinu hii ina mpaka wake. Sauti moja haiwezi kuwa umati. Pale wanyama wanapochimba, wimbo wa kazi unahitaji kiitikio, nacho kipewe kundi la sauti halisi, kwa Chasu ikiwa ndiyo lugha ya wimbo wenyewe. Kundi hilo linachukua nafasi ya hadhira iliyopotea. Sungura, ambaye hakuchimba, hapaswi kusikika ndani yake. Kwa namna hiyo, kutokuwepo kwa sauti yake katika kiitikio kunakuwa ushahidi wa kwanza dhidi yake, kabla ya ulimbo wa Kobe.

4.0 Hitimisho

Ong (1982) alieleza kuwa vyombo vya kielektroniki huzaa usimulizi wa pili, unaotegemea maandishi. Mswada wa katuni ni mfano wake ulio wazi: kinachosikika kimeandikwa kwanza. Ngano ya ndiva inaonyesha kuwa hasara haitokani na uandishi wenyewe, bali na dhana kwamba kila jina lazima lipate sauti yake. Mhakiki anayepima mswada wa aina hii aanze na jaribio jepesi: afute mabano yote, kisha asome kilichobaki kwa sauti. Ikiwa hila ya Sungura haitambuliki tena bila msimulizi kuitangaza, basi hukumu ilikuwa imekaa mahali ambapo hadhira haisikii.