Anayehakiki na Anayekusanya

Binti wa shangazi yangu alinitumia kiungo usiku pamoja na swali fupi: "Kaka, nitume au nisitume?" Ilikuwa tovuti ya ajira. Alikuwa amejaza jina, elimu na namba ya simu, lakini kabla ya kuoneshwa nafasi yoyote ya kazi alitakiwa kupakia picha tatu: kitambulisho cha taifa upande wa mbele, upande wa nyuma, kisha selfi akiwa amekishika kitambulisho hicho kando ya uso. Juu ya fomu iliandikwa kwamba ni kwa ajili ya uhakiki.

Nilimwambia asubiri. Nikafungua ukurasa ule kwenye kompyuta, nikabonyeza F12 na kuingia sehemu ya kivinjari inayoitwa Network, ambayo huonesha kila ambacho ukurasa unatuma na kila kinachorudi. Badala ya kitambulisho, nikapakia picha ya kikombe cha chai kilichokuwa mezani. Kabla sijainua mkono kwenye kipanya, jibu lilikuwa limerudi:

```
POST /upload.php
{"status":"verified","file":"/uploads/1187.jpg"}
```

Jibu hilo lina mambo mawili. La kwanza ni neno `verified`: kikombe changu kimehakikiwa. Maana yake hakuna programu iliyotafuta uso, wala iliyosoma maandishi, wala iliyouliza popote kama namba hiyo ipo. La pili ni anwani ya faili. Niliinakili nikaifungua kwenye dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti yoyote, na kikombe kikatokea. Picha haikuwa na ulinzi wowote, na jina lake lilikuwa namba ya mfululizo. Ukiwa na 1187 mkononi, huhitaji kufikiri sana kujua kwamba 1186 nayo ipo, na kwamba inaweza kuwa kitambulisho cha mtu. Sikuifungua, niliyokuwa nayo yalitosha.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya msingi. Picha ya kitambulisho peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa picha hunakiliwa. Kinachothibitisha ni swali linaloulizwa baada yake. Fikiria usajili wa laini ya simu kwa alama za vidole, unaofanyika Tanzania tangu 2019. Wakala anachukua namba yako ya NIDA, unaweka kidole kwenye mashine, na jibu linatoka kwenye kanzidata ya NIDA yenyewe. Kinachofanya kazi pale ni namba na kidole kilicho hai, na picha ya kadi haina sehemu katika jibu hilo.

Tovuti zinazohakiki kweli hufuata mantiki hiyohiyo kwa kutumia kamera. Mara nyingi hukukabidhi kwa kampuni maalumu ya uhakiki, na jina la kampuni hiyo huliona. Kamera hufunguka papo hapo, nawe unaambiwa usogee karibu au ugeuze uso, ili ijulikane kwamba mbele yake kuna mtu na si karatasi. Uso huo hulinganishwa na picha ya kwenye kadi, na namba hupelekwa kwa mamlaka iliyoitoa pale panapokuwa na ruhusa hiyo. Kisha unaambiwa usubiri, na ukiweka picha yenye ukungu unakataliwa. Usumbufu huo ndio ushahidi kwamba kuna kinachopimwa.

Jaribio la kikombe lina mipaka yake. Ziko ofisi ndogo ambako karani hukagua picha kwa macho siku inayofuata, kwa hiyo mfumo kupokea picha yoyote hakutoshi kuwaita wezi. Ila mfumo wa namna hiyo husema picha imepokelewa, hausemi imehakikiwa. Upo pia udanganyifu unaofaulu jaribio hili: tapeli anafungua akaunti ya mkopo kwa jina lako mahali pengine wakati huohuo, na kukupitisha wewe kwenye kamera ya huko. Kila kitu kitaonekana cha kweli, kwa sababu uhakiki wenyewe ni wa kweli. Dalili yake iko kwenye simu: ujumbe wenye namba ya siri unaingia ukitaja kampuni tofauti na ile uliyodhani unajisajili kwake. Hapo simama, usiandike namba hiyo popote.

Baada ya kujua kama wanahakiki, bado kuna swali la pili: je, wana haja ya kuhakiki? Benki na watoa huduma za pesa za simu wanabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha wamjue mteja wao, kwa hiyo kwao dai hilo lina mzizi. Lakini kutaja neno mkopo si kibali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Leseni kwanza, kitambulisho baadaye.

Tovuti ya ajira haina mzizi huo. Mwajiri atahitaji utambulisho wako siku ya mkataba. Kabla ya hapo, kwa mtu anayetazama tu nafasi zilizopo, jina na namba ya simu vinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisizidi mahitaji ya lengo hilo, na inamtaka mkusanyaji awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tovuti ile haikuwa na jina la kampuni, wala anwani, wala neno moja kuhusu picha zitakaa muda gani.

Muda huo una uzito hata kwa wenye sababu halali. Oktoba 2025 kampuni ya Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilionwa na wavamizi waliopitia kampuni iliyokuwa ikiwahudumia wateja wake. Nyingi zilikuwa za watu waliotaka kuthibitisha umri. Picha walizotuma zilikuwa bado zimehifadhiwa. Picha isiyokuwepo haiibiwi.

Kwa hiyo nilimjibu binti wa shangazi: usitume, hasa ile ya tatu. Selfi ya kushika kitambulisho ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu uso na kadi viko pamoja katika picha moja isiyosema ilipigwa kwa ajili ya nani, na mtu anaweza kuipeleka kwingine kokote inakokubalika. Pale unapolazimika kutoa nakala kwa mtu mwenye sababu halali, andika juu yake, kwa herufi zinazokatiza maandishi ya kadi, jina la anayepokea, shughuli yenyewe na tarehe. Serikali ya Uholanzi ina programu ya simu iitwayo KopieID inayofanya kazi hiyo, na huruhusu kufunika sehemu zisizohitajika.

Akanijibu kwamba mwezi uliopita alishatuma picha kama hizo kwa tovuti nyingine. Nikamwambia apige *106#, aangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Baada ya dakika chache akaandika: "Mbili, zote zangu." Nikamwomba aendelee kupiga namba hiyo kila mwezi, kwa sababu picha aliyokwisha kuituma hana namna ya kuirudisha.