Kilele Kirefu Si Kidatu

Grafu ya namna hii mmeiona. Sauti ya mwanamume inatembea kwenye Hz 100, ghafla fremu moja inaruka hadi karibu 300, kisha inarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzungumzaji hakupiga ukelele. Waliokosea ni waandishi wa programu, walioiagiza ichukue kilele kirefu kuliko vyote vya otokorelesheni na kukiita kidatu.

Fremu yenyewe ni irabu u ya "kuku" iliyorekodiwa kwa simu: sampuli 8,000 kwa sekunde, milisekunde 30, yaani sampuli 240. Kuitambua kuwa ghuna walipatia.

Mapigo ya nyuzi sauti yanafuatana kila milisekunde 10, kwa hiyo kilele halali kipo kwenye mchelewesho wa sampuli 80. Lakini simu hupunguza masafa yaliyo chini ya Hz 300, na fomanti ya kwanza ya u iko papo hapo, basi harmoniki ya tatu ikatawala na kuinua kilele chake kwenye sampuli 27. Kwa kipimo cha haki, 27 inapata 0.80 na 80 inapata 0.97, hapo hakuna ubishi. Programu yao haikupima kwa haki. Ilijumlisha mazao ya jozi za sampuli, kisha ikagawa kila jumla kwa nishati ya fremu nzima. Ukichelewesha kwa 27 unabaki na jozi 213, ukichelewesha kwa 80 unabaki na 160 tu. Hivyo 0.80 ikawa 0.71, na 0.97 ikaporomoka hadi 0.65. Aliyeshindwa akavikwa taji: 8,000 kugawa kwa 27, Hz 296.

Juu ya hayo wakaongeza dirisha la Hamming, ugonjwa ninaoupigia kelele kila siku. Kingo za fremu zikififia, michelewesho mirefu inazidi kuonewa. Boersma alishatoa dawa mwaka 1993: gawanya otokorelesheni ya fremu kwa ile ya dirisha. Na Sondhi, mwaka 1968, alikuwa tayari akiondoa sehemu ya katikati ya wimbi na kubakiza ncha zake ili fomanti zisitawale. Leo kompyuta zina nguvu za kutisha, na bado mtu anaandika `argmax` na kwenda kulala.

Kugawa nako kuna mtego wake. Mchelewesho wa 160 una jozi 80 tu, na unaweza kuambulia 0.98 ukaishusha sauti hadi Hz 50. Kwa hiyo chukua kilele cha kwanza kinachofikia, tuseme, asilimia 90 ya kile kirefu zaidi. Kizingiti hapa ni 0.88: 27 inabaki nje, 80 inapita, na 160 haiulizwi tena.

Wao wanajitetea kwamba kichujio cha mediani kitafuta mruko. Kitaufuta ukiwa wa fremu moja. U ikivutwa fremu kumi, zote zikasema 296, kichujio hicho hicho kitaupitisha uongo bila hata kuugusa.