Kadi ya saluni: anayefunga huandika, anayefungua hukagua

Karatasi ya kawaida ya ukutani saluni husema: safisha vifaa, zingatia usafi, funga vizuri. Mafundi wanne wakiisoma watafanya mambo manne tofauti, na kila mmoja atakuwa na haki ya kusema ametii. Kwa mmoja, kusafisha mashine ni kuipuliza nywele zitoke. Mwingine hupiga brashi. Wa tatu hupaka spiriti akaendelea kunyoa papo hapo. Orodha inayofanya kazi hutaja kitendo, kipimo, na alama ambayo mwenzako anaweza kuiona.

Tuchukue saluni ya mfano pale Omurushaka, wilayani Karagwe: viti viwili vya kinyozi, kiti kimoja cha kusukia, draya, pasi ya nywele, maji ya mvua kwenye simtanki, na mafundi wanaolipwa kwa kichwa. Hilo la malipo lina uzito. Fundi anayelipwa kwa kichwa huona kila dakika ya kusafisha kama dakika ya kukosa mteja, kwa hiyo orodha ndefu itaachwa siku ya gulio, siku ambayo vifaa vinagusa vichwa vingi zaidi.

Mfano bora wa orodha fupi tunao hapa nchini. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya upasuaji salama mwaka 2007 na 2008. Ina vipengele 19 tu, vilivyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Katika hospitali hizo zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile haimfundishi daktari kupasua. Inashika yale yanayosahaulika, tena wakati kazi imesimama kwa kawaida. Saluni nayo ina vituo vyake: kufungua, kati ya mteja na mteja, na kufunga. Kila kituo kipewe kadi yake, na kadi isizidi mistari saba.

Ningeanza kuandika kadi ya kufunga, kwa sababu asubuhi mbaya hutengenezwa jioni. Mstari wa kwanza: "Zima pasi, draya na mashine, kisha chomoa plagi zote ukutani." Kuchomoa kunatajwa waziwazi kwa sababu umeme unaweza kukatika pasi ikiwa imewashwa, fundi anaiona ya baridi, anafunga mlango, na umeme unarudi usiku pasi ikiwa juu ya kitambaa. Mstari wa pili: "Soma LUKU, andika yuniti zilizobaki." Wa tatu: "Hesabu madumu ya lita 20 yaliyojaa, andika." Wa nne: "Mwaga maji ya dawa, osha beseni, ligeuze." Kisha taulo zilizotumika ziingie kwenye ndoo yenye mfuniko, nywele zizolewe, nyembe zilizotumika ziwe ndani ya chupa ngumu iliyofungwa.

Mistari miwili kati ya hiyo inadai tarakimu badala ya tiki, na ndiyo moyo wa mpango wote. Tiki saba zinaweza kuwekwa kwa mkupuo mtu akiwa tayari mlangoni. Tarakimu inamlazimu aende kwenye mita na kwenye madumu. Na asubuhi anayefungua haanzi kazi mpya, anasoma kadi ya jana na kulinganisha: yuniti ni zilezile, madumu ni yaleyale, beseni limegeuzwa, plagi ziko nje. Pasipolingana anaandika anachokiona, bila kufuta cha mwenzake. Kukiwa na tofauti ya madumu mawili siku tatu mfululizo, tatizo lina siku na lina zamu, na mwenye saluni anaweza kuuliza kwa upole bila kumtuhumu kila mtu.

Kadi ya kufungua inabaki na kazi moja nzito: kuchanganya dawa. Jiki ikiandikwa asilimia 3.5 kwenye lebo, na tunataka asilimia 0.5 kwa vifaa, tunagawa 3.5 kwa 0.5 na kupata 7. Sehemu moja ni jiki, sita ni maji: kikombe kimoja kwa vikombe sita, kikombe kilekile. Lebo ikisema kiwango kingine, hesabu inabadilika, kwa hiyo kadi itaje chupa ile inayonunuliwa. Mkoa wa Kagera, uliopata Marburg mwaka 2023 na tena 2025, una watu wengi wanaojua maji ya klorini ya kunawa mikono. Hayo ni ya asilimia 0.05, yaani hafifu mara kumi. Atakayechukua maji ya ndoo ya kunawia na kulowekea vitana atakuwa ameloweka kwenye dawa isiyotosha, hivyo vyombo hivyo viwili viandikwe majina kwa maandishi makubwa. Na jiki isikutane na rangi ya nywele yenye amonia wala dawa ya kusafishia choo. Mvuke wake huumiza mapafu.

Kati ya mteja na mteja, kitana na brashi huondolewa nywele, huoshwa kwa sabuni, hulowekwa dakika kumi, kisha husuuzwa. Sabuni hutangulia kwa kuwa uchafu na mafuta huimaliza nguvu klorini. Meno ya mashine hayakai kwenye jiki kila mara, yatashika kutu: chomoa, piga brashi, paka spiriti ya asilimia 70, acha ikauke yenyewe, tia tone la mafuta. Ikitoka damu, meno hufunguliwa, huoshwa, hulowekwa dakika kumi, husuuzwa na kukaushwa. Mashine hiyo haitumiki hadi hapo.

Sasa angalia saa. Kunyoa kukichukua dakika 20 na kitana kikihitaji kama dakika 15 kuosha, kuloweka na kukausha, kiti chenye kitana kimoja hakiwezi kutii kadi. Kinahitaji seti mbili zinazopokezana, na ya tatu siku ya gulio. Bila hizo, fundi atachovya kitana na kukitoa, na kosa litakuwa la manunuzi. Ukitaka kujua kama kadi inafuatwa, tazama beseni saa nane mchana foleni ikiwepo: likiwa kavu, hakuna aliyeloweka.

Kabla ya kuibandika, mpe kadi fundi mgeni kuliko wote afungue saluni peke yake, huku aliyeiandika amekaa kimya. Kila anaposimama au kuuliza, mstari huo una kasoro. Akiuliza "Kikombe kipi, dada?", chora alama kwenye kikombe. Fundi mkongwe hafai kwa jaribio hili, maana hujaza kwa kichwa chake yale yasiyoandikwa.

Kadi hiyohiyo ikipelekwa tawi la Kyerwa, tuseme Murongo mpakani, mahali pa sola, mstari wa LUKU hauna maana. Badala yake anayefunga asome volti za betri. Betri ya asidi ya volti 12 ikisoma karibu 12.2 baada ya kupumzika, imebaki na kama nusu, kwa hiyo mashine za kuchaji ziwe zimejaa kabla jua halijashuka. Mistari ya jiki, wembe na taulo ibaki neno kwa neno, ili fundi anayetoka Omurushaka kwenda kumshikia mwenzake zamu asijifunze upya. Tarehe ya toleo iandikwe chini ya kadi, na ya zamani ibanduliwe siku hiyohiyo.