Neno la kuagia katika baruapepe ya Kijerumani: Taadhima ikizidi huwa baridi

JUMA lililopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi huuza kahawa ya Nyeri kwa mnunuzi mmoja wa Hamburg. Alisomea Kijerumani hapa Nairobi na hukiandika vyema. Alinipa simu yake nisome, huku akiuliza: "Mwalimu, nimemkosea nini huyu Mjerumani? Nimemwandikia kwa heshima zote, naye amenipigia kuniuliza kama nataka twende kortini!"

Nilizisoma baruapepe zao kuanzia ya kwanza. Sarufi yake haikuwa na doa. Tatizo lilikuwa neno moja tu, lile la mwisho kabisa, juu ya jina lake: Hochachtungsvoll.

Ukilichambua neno hilo, linamaanisha "kwa kujawa na heshima kuu". Kitabu kikuukuu alichokitumia mwanafunzi wangu kilikuwa kimeyapanga maneno ya kuagia kama vidato vya ngazi, na neno hilo kikaliweka kileleni. Kwa hivyo, alipotaka kuomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, alipanda hadi kidato cha juu. Naam, ngazi hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga leo.

Neno la kuagia halipati uzito wake kutokana na maana ya viungo vyake. Hulipata kutokana na watu wanaolitumia na shughuli wanayolitumia kwayo. Sisi wenyewe tunalijua hili. Anayesema "shikamoo" hafikirii kushika miguu ya mtu, na anayemaliza barua ya kuomba kazi kwa "Wako mwaminifu" hajala kiapo chochote. Zamani Hochachtungsvoll lilikuwa hitimisho la kawaida la barua za biashara Ujerumani. Baadaye, katika karne ya 20, Mit freundlichen Grüßen lilichukua nafasi hiyo. Neno la zamani likabakia hasa katika barua zisizo na urafiki: za kudai deni, za mawakili, za onyo la mwisho. Mfanyabiashara wa leo akilikuta, hasikii heshima. Anasikia mlango ukifungwa.

Basi tuyatazame yale yanayotumika kwa kweli. Mit freundlichen Grüßen, yaani "pamoja na salamu za kirafiki", halina urafiki wowote ndani yake. Ni neno la kati, lisilo moto wala baridi, na huwezi kukosea ukimwandikia nalo mtu usiyemjua. Huandamana na mwanzo rasmi, Sehr geehrte Frau au Sehr geehrter Herr, kisha jina la ukoo. Viele Grüße, "salamu nyingi", limesogea karibu kidogo. Linaafikiana na mwanzo kama Guten Tag au Hallo, na unaweza kulitumia na mtu ambaye bado mnaitana Sie, kiwakilishi cha heshima. Katikati ya hayo mawili kuna Freundliche Grüße na Beste Grüße. Liebe Grüße, "salamu za upendo", ni la marafiki na wafanyakazi wenza ambao tayari wanaitana du. Kumwandikia hilo mteja ambaye bado ni Sie ni kujipa undugu usiopewa.

Lakini hata orodha hii haitoshi, na hapa ndipo vitabu vingi huishia. Katika mazungumzo ya biashara, neno moja peke yake halisemi mengi. Kinachosema ni mwendo wake kutoka baruapepe moja hadi nyingine.

Turudi kwa mwanafunzi wangu. Baruapepe ya kwanza kutoka Hamburg ilifungwa kwa Mit freundlichen Grüßen, naye akajibu vivyo hivyo. Sawa kabisa. Katika ya tatu, mnunuzi aliandika Viele Grüße aus Hamburg. Alikuwa amevuta kiti karibu. Mwanafunzi wangu hakuliona hilo, akaendelea na lile la mwanzo. Si kosa, ila aliyevuta kiti aligundua kwamba mwenzake hajasogea. Hata hivyo, mnunuzi alishikilia Viele Grüße kwa miezi kadhaa.

Kisha shehena ikachelewa. Mnunuzi akaandika mistari miwili akiuliza itaondoka Mombasa lini, na chini yake: Mit freundlichen Grüßen. Mwanafunzi wangu aliona swali la kawaida lenye hitimisho la kawaida. Mimi nilipoisoma baada ya zile zilizotangulia, niliona mtu aliyekwisha kurudisha kiti nyuma. Neno lile lile lililokuwa la kati katika baruapepe ya kwanza sasa lilikuwa malalamiko, kwa sababu limekuja baada ya Viele Grüße. Hakuna kamusi itakayokuambia hivyo. Jibu la mwanafunzi wangu lilipofika likiwa na Hochachtungsvoll, mnunuzi aliamini kwamba sasa ni vita.

"Sasa nimwandikie Viele Grüße ili apoe?" akaniuliza. Nilimkataza. Anayelalamika ukimjibu kwa uchangamfu kuliko wake, ataona unalichukulia jambo lake kwa wepesi. Kanuni ninayoiamini ni moja: soma hitimisho la mwenzako la mwisho, umrudishie hilo hilo. Na katika biashara, muuzaji akisubiri mnunuzi ndiye atangulie kusogea, hatakosea. Unyenyekevu wote alioutaka uingie ndani ya barua: sababu ya kuchelewa, radhi, na tarehe mpya. Neno la kuagia halibebi mzigo huo.

Nimtolee msomaji tahadhari chache kwa haraka. Vifupisho MfG, VG na LG viachwe kwa wanaojuana. Kwa mgeni huonekana kama salamu za mtu asiye na muda nawe. Baada ya neno la kuagia Wajerumani hawaweki koma, tofauti na tulivyozoea. Kihusishi mit nacho kina upatanisho wake: kikiwapo, ni freundlichen Grüßen, zote mbili kwa n, kikiondoka, n huondoka nacho, ikabaki Freundliche Grüße. Waswisi hawatumii herufi ß, hivyo kwao ni Grüsse. Na asije mtu akabuni "salamu za Kijerumani" kwa nia njema. Mit deutschem Gruß ndilo lililofunga barua nyingi za enzi ya Hitla, na mpaka leo linanuka enzi hiyo.

Mwanafunzi wangu aliandika upya. Alieleza kwamba Hochachtungsvoll lilitoka katika kitabu cha zamani, akaomba radhi kwa kuchelewa, akataja siku ambayo kontena ingepakiwa, kisha akafunga kwa Mit freundlichen Grüßen. Siku mbili baadaye alinitumia jibu alilolipata. Lilikuwa la mistari mitatu, nalo lilikubali tarehe mpya bila kutaja korti. Chini yake mnunuzi alikuwa ameandika Freundliche Grüße.

"Mwalimu, si ni lile lile tu?" akauliza.

La hasha. Mit imeanguka. Mtu amesogeza kiti nusu hatua, na nusu nyingine anaisubiri kahawa.