Lebo ya siagi ya karanga, mstari kwa mstari

Tuchukue kopo la siagi ya karanga la gramu 400, la aina inayouzwa kila siku Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Lebo yake imeandikwa: "Asilia 100%. Haina kolesteroli. Bora kwa wenye kisukari. Inaongeza nguvu za kiume." Upande wa nyuma kuna namba ya simu tu. Mtengenezaji wa kopo kama hili huenda ana nia njema na karanga nzuri, lakini lebo yake haimwelezi mnunuzi anachokula, na inamwahidi kisichokuwemo.

Kazi ya kuisahihisha huanzia jikoni, kwenye mzani. Tuseme mkupuo mmoja una kilo 9 za karanga zilizokaangwa na kumenywa, gramu 600 za sukari, gramu 300 za mafuta ya alizeti na gramu 100 za chumvi. Jumla ni kilo 10. Viambato huorodheshwa kwa uzito wakati wa kuchanganya, kizito zaidi kikitangulia: karanga (90%), sukari, mafuta ya alizeti, chumvi. Orodha hiyo peke yake inaiangusha "Asilia 100%", kwa kuwa msomaji ataelewa ni karanga tupu. Chini yake huwekwa onyo la mzio: "Ina karanga". Kama mashine hiyohiyo husaga ufuta au korosho, hilo nalo liandikwe, kwa sababu mabaki machache tu kwenye mawe ya kusagia yanaweza kumdhuru mwenye mzio.

Tarehe ndizo zinazokisiwa zaidi. Wengi hunakili "mwaka mmoja" kutoka kopo la kiwandani, wakati kopo lao halikufungwa kwa mitambo ileile. Njia ya uhakika zaidi ni kutenga makopo sita ya mkupuo mmoja na kuyaweka mahali penye joto kama la dukani, kisha kufungua moja kila mwezi. Mafuta kuelea juu si kuharibika, yakikorogwa hurudi. Dalili ya kuharibika ni harufu kama ya rangi ya mafuta na uchungu unaobaki kooni. Zikijitokeza mwezi wa tano, lebo isizidi miezi mitatu au minne, maana kopo la mteja litafunguliwa na kufungwa mara nyingi. Kando ya tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi huwekwa namba ya toleo, inayolingana na daftari lenye siku, mahali karanga ziliponunuliwa na wateja waliouziwa. Mteja mmoja akilalamika, muuzaji anajua nani wengine wa kupigiwa simu.

Lipo jambo ambalo tarehe haiwezi kulisema: sumukuvu. Haionekani kwa macho na kukaanga hakuimalizi. Kuchambua karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hupunguza hatari, ila uhakika hutoka maabara. Kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Hii ni sababu mojawapo ya mtengenezaji kupeleka sampuli TBS, shirika ambalo tangu Julai 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula na vipodozi Tanzania Bara. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho.

Zinabaki zile ahadi. "Haina kolesteroli" ni kweli, lakini ni kweli kwa karanga zote duniani, kwani kolesteroli hupatikana kwenye vyakula vya wanyama. Ikiandikwa hivyo inamfanya mnunuzi adhani makopo ya jirani yanayo. "Bora kwa wenye kisukari" inagongana na gramu 6 za sukari iliyoongezwa katika kila gramu 100. Hiyo na "nguvu za kiume" zinakigeuza chakula kuwa dawa, na miongozo ya Codex, ambayo viwango vya kanda hii vimeifuata, inakataza chakula kudai kwamba kinazuia au kutibu ugonjwa.

Badala yake kuna dai linalosimama. Codex inaruhusu kuandika "chanzo cha protini" chakula kigumu kikiwa na walau gramu 5 za protini katika gramu 100. Kopo hili lina zaidi ya gramu 20, hivyo linapita kwa mbali, mradi jedwali la virutubisho liwekwe pembeni.

Masharti hayo yanafuata bidhaa hadi mtandaoni. Mteja akituma ujumbe kwamba sukari yake imeshuka tangu aanze kula siagi hiyo, na muuzaji akaubandika kwenye ukurasa wake, maneno yamekuwa tangazo la muuzaji. Anaweza kumshukuru faraghani, akamsihi asiache dawa zake, na kwenye ukurasa akabandika ujumbe unaosifu ladha.