Misimu ya Kaskazi na Kusi katika Usomaji wa Habari za Wakilindi

Usomaji wa Habari za Wakilindi unaoeleza nguvu za Semboja kwa bunduki pekee unaacha pengo. Semboja alijiweka Mazinde, katika tambarare ya Korogwe, kando ya njia ya misafara iliyoteremka Pangani, badala ya kukaa Vuga mlimani. Bidhaa za ng'ambo zilizopita njia hiyo zilifuata kalenda ya bahari. Kati ya Desemba na Machi kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi; tangu Aprili kusi iliyarudisha. Juni na Julai kusi huvuma kwa ukali mno, kwa hiyo nahodha aliyechelewesha shehena alilazimika kungoja hadi ipungue, mwezi Agosti.

Hata hivyo, hoja ya upepo isikuzwe kupita kiasi. Vyombo vidogo vilisafiri baina ya Pangani na Unguja nje ya misimu hiyo, na pembe za ndovu ziliweza kuwekwa ghalani. Aliyebanwa zaidi na msimu ni tajiri wa Unguja, si mtawala wa Mazinde. Tena Wazigua wa Handeni walitangulia kujizatiti kwa bunduki, ilhali Vuga ilikuwa bado inasitasita. Tofauti hiyo haitokani na kaskazi, iliyowafikia wote kwa wakati mmoja.